Shimo Unaloliona Silo Litakalozibwa: Kuiandikia Manispaa kwa Vipimo vya Picha

Aprili 2023 watu wa Kampala walijaza mtandao kwa picha za mashimo ya barabara zao chini ya alama #KampalaPotholeExhibition, maonyesho yaliyoanzishwa na mchora katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo. Vichekesho vilikuwa tele, na haikupita muda Rais Museveni akaagiza mamlaka ya jiji, KCCA, ipewe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo. Tangu hapo wengi wameamini kuwa kazi ya mwananchi ni kupiga picha tu. Mtu wa Busia au Tororo anaona shimo limejaa maji, anapiga picha, anaituma kwa diwani na maneno mawili, "bwawa la samaki hili," kisha anangoja.

Picha ya namna hiyo inaweza kumtia mtu aibu, ila haimwezeshi mhandisi kupanga kazi. Kabla ya kutoa gari na vibarua anataka kujua mita ngapi za mraba zitakatwa, ni lami ya juu tu iliyoondoka au na msingi wake umekwenda, na maji yanayoiharibu yanatoka wapi. Mkazi mwenye simu, karatasi, rula na ubao anaweza kumjibu maswali hayo kwa barua ya kurasa mbili. Wanaojaribu, hata hivyo, huangukia kosa jingine: wanapima shimo, wanapiga hesabu ya lami ya kulijaza shimo hilo, na jibu lao halifanani hata kidogo na kitakachotumika. Sababu ni kwamba shimo unaloliona silo litakalozibwa.

Barabara ina matabaka

Fikiria kitanda. Shuka ni lami, godoro ni tabaka la msingi, na chaga ni udongo ulioshindiliwa chini kabisa. Shuka haibebi uzito wa mtu. Kazi yake ni kulifunika godoro. Lami ya mtaani nayo, yenye unene wa sentimita 5 hivi ikiwa ni lami ya mchanganyiko, au sentimita 2 tu ikiwa ni ile ya kunyunyizwa na kumwagiwa kokoto ndogo, inazuia maji yasiingie kwenye msingi. Uzito wa lori unabebwa na msingi, ambao ni kokoto za kusagwa au murramu iliyoshindiliwa.

Shimo huanza kwa ufa. Maji yanapenya, msingi unalowa na kulegea, kila tairi linalopita linaukamua ule uji utoke, lami inabaki imening'inia bila godoro, mwishowe inavunjika. Kwa hiyo pembeni mwa shimo, chini ya lami inayoonekana nzima, mara nyingi pana msingi ambao tayari umelegea. Gonga kwa fimbo nzito sentimita chache kutoka ukingoni: pakitoa mlio wa mtungi mtupu, lami ya hapo inasubiri zamu yake.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi hajazi shimo lilivyo. Anakata pembe nne zilizonyooka kulizunguka, akiingia kwenye lami nzima sentimita 10 hivi kila upande, anachimba mpaka akute msingi mgumu na mkavu, anarudisha msingi mpya, anaushindilia, anapaka lami nyembamba ya majimaji sakafuni na kwenye kuta ili mpya ishikane na ya zamani, ndipo anaweka lami na kuishindilia tena. Sehemu hiyo ya pembe nne ndiyo kiraka. Barua yako ikadirie kiraka, kwa kuwa ndicho kinachokula vifaa.

Barabara ni ya nani?

Hili ni fupi, lakini limepoteza barua nyingi. Barabara kuu za taifa, kwa mfano ile inayofika mpakani Busia, si za manispaa. Zilikuwa chini ya mamlaka ya barabara za taifa, UNRA, mpaka mwisho wa 2024, kazi zake ziliporudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Za mitaa ya mji ni za manispaa au jiji. Ukiwa na shaka, muulize mwenyekiti wa LC1, baraza la seli yako, au ofisi ya mhandisi kabla ya kuandika. Barua ya manispaa huandikwa kwa karani wa mji, kwa kuwa ndiye afisa mwenye dhamana ya fedha, nakala kwa mhandisi wa manispaa na diwani wa kata. Ukiiandika kwa meya peke yake itasomwa, kisha itateremshwa kwa karani huyohuyo.

Picha nne kwa kila shimo

Nenda asubuhi na mapema, Jumapili ikiwezekana, na mtu wa pili wa kuangalia magari. Mvua iwe imekatika walau siku moja, maana shimo lililojaa maji halionyeshi kitu zaidi ya mawingu.

Picha ya kwanza ni ya mbali, ionyeshe shimo pamoja na kitu kisichohama: duka, nguzo ya umeme, njia panda. Ya nne ni ya mtaro ulio karibu, hata kama unaona haya kuupiga picha ulivyojaa taka. Mbili za katikati ndizo za kupimia, na ndizo zinazokosewa.

Picha ya pili hupigwa kutoka juu. Weka karatasi ya A4 kandokando ya shimo, juu ya lami nzima, uibane kwa vijiwe isipeperuke. Karatasi ya A4 ni sentimita 29.7 kwa 21 popote duniani, na ndiyo inayoifaa kazi hii kuliko kiatu, jerikani au tofali, vitu ambavyo kila mtengenezaji ana kipimo chake. Sarafu ni ndogo mno: ukikosea upana wake kwa unywele kwenye picha, kosa hilo linazidishwa mara arobaini unapofika upande wa pili wa shimo.

Simama juu ya shimo, nyosha mikono, simu ilale sambamba na barabara kama sinia. Tumia lenzi ya kawaida, ile ya 1x, ya 0.5x inapinda kingo za picha. Usiitumbukize karatasi ndani ya shimo. Simu ikiwa mita 1.5 kutoka barabarani na karatasi ikawa sentimita 8 chini ya uso wa lami, itaonekana ndogo kwa asilimia 5, nawe utalikuza shimo kwa kiasi hicho kila upande, eneo lake likue kwa takribani asilimia 11.

Kisha jikague. Chapisha picha au ifungue kwenye kioo cha kompyuta, upime karatasi kwa rula. Upande mrefu ukigawa kwa mfupi upate karibu 1.4, kwa kuwa 29.7 kwa 21 ni 1.41. Ukipata 1.7 au 1.2, simu ilikuwa imeinama. Kuinama ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu jicho haliligundui: mtu anasimama pembeni mwa shimo, anaelekeza simu mbele, na shimo la mita moja linaonekana la sentimita 70. Rudia kupiga. Ikiwa huwezi kurudi, tumia vipimo viwili, upande mrefu wa karatasi kwa mwelekeo wake na upande mfupi kwa mwelekeo wake, na uandike kwenye barua kwamba picha hiyo ni ya kukisia.

Kwa picha za zamani zisizo na karatasi, tafuta tairi la bodaboda lililosimama karibu na shimo. Kipenyo chake ni karibu sentimita 60. Hutoa makisio tu, lakini ni afadhali kuliko "kubwa sana."

Picha ya tatu ni ya kina. Hakuna picha ya kutoka juu inayoweza kukupa kina, na anayesema anakiona kwa macho anaona kivuli. Laza ubao ulionyooka juu ya shimo, ncha zote mbili zikae kwenye lami nzima. Simamisha rula kutoka sakafuni mwa shimo mpaka ubavu wa chini wa ubao. Mwenzako achutame, simu iwe sawa na kimo cha ubao, apige. Akipiga kutoka juu, atasoma namba isiyo sahihi. Pima sehemu tano kutoka ukingo hadi ukingo, uandike zote tano. Katika picha hiyohiyo vuta karibu ukuta wa shimo: utaona utepe mweusi, na chini yake rangi nyekundu au kijivu. Utepe mweusi ndio unene wa lami, na kwa mhandisi una thamani kuliko upana wa shimo, kwa kuwa unamwambia kama msingi umeshaguswa.

Hesabu ya shimo moja

Chukua shimo la kwanza kwenye barabara ya sokoni. Kwenye picha iliyochapishwa, upande mrefu wa karatasi una sentimita 3.3. Gawa 29.7 kwa 3.3, upate 9: kila sentimita ya picha ni sentimita 9 barabarani. Shimo lina urefu wa sentimita 12.2 pichani na upana wa 7.8. Zidisha kwa 9, upate 110 kwa 70. Kina katika sehemu tano ni 4, 7, 9, 8 na 4. Wastani ni 6.4. Utepe mweusi una sentimita 5. Mahali penye kina cha 9, basi, lami imekwisha yote na sentimita 4 za msingi zimeondoka.

Sasa tazama majibu matatu yanayoweza kutoka hapa. Mkazi wa kwanza anazidisha 110 kwa 70 kwa 9, anapata lita 69, na kwa kuwa lami iliyoshindiliwa ina uzito wa takribani kilo 2,300 kwa mita moja ya ujazo, anaandika kilo 160. Wa pili ni makini zaidi. Anajua shimo halina pembe, lina umbo la yai, kwa hiyo anapunguza eneo kwa kuzidisha na 0.785 na kutumia kina cha wastani. Anapata lita 39, sawa na kilo 89. Huyu amelipima shimo vizuri kabisa, na bado amekosea, kwa kuwa amelipima shimo.

Wa tatu anakadiria kiraka. Anaongeza sentimita 10 kila upande: 130 kwa 90, yaani mita za mraba 1.17. Msingi umeguswa, kwa hiyo anachukulia kuwa watachimba sentimita 15, zikiwa 10 za msingi mpya na 5 za lami. Kitakachochimbwa ni lita 176, zaidi ya mara nne ya lile shimo la lita 39.

Vifaa vinafuata. Lami: mita za mraba 1.17 kwa unene wa mita 0.05 ni mita za ujazo 0.0585, sawa na kilo 135. Ongeza asilimia 10 ya kupotea, uandike kilo 150. Zikiwa za lami baridi ya mifuko ya kilo 25, ni mifuko 6. Msingi: 1.17 kwa 0.10 ni mita za ujazo 0.117 zikishashindiliwa, lakini kokoto zinapomwagwa bado hazijashikana, kwa hiyo ongeza asilimia 30, upate 0.15, sawa na toroli mbili na zaidi kidogo. Lami ya majimaji ya kupaka: lita moja na nusu inatosha sakafu na kuta.

Mashimo mengine mawili ya barabara hiyo yapite haraka. La pili ni 60 kwa 50, kina hakizidi 4, utepe mweusi bado unaonekana sakafuni. Hapo ni lami tu, kiraka cha 80 kwa 70, kilo 70. La tatu silo shimo hasa, ni ukingo wa barabara ulioliwa na maji kando ya mtaro, urefu sentimita 240 na upana 40, kina 12. Upande mmoja hauna lami ya kukata, kwa hiyo kiraka ni 260 kwa 50, kilo 165 za lami, na msingi wa sentimita 15, ambao ukiwa haujashindiliwa ni mita za ujazo 0.25. Hili la tatu likizibwa bila kuzibua mtaro na kurudisha udongo wa bega la barabara, msimu wa mvua unaofuata litarudi. Kwetu mvua kubwa ni Machi hadi Mei, halafu Septemba hadi Novemba, kwa hiyo hutangoja sana.

Jumla ya lami ni kilo 385. Usiandike 385. Ukikosea urefu na upana kwa asilimia 5 kila mmoja, eneo limeshakosewa kwa 10. Na ikiwa lami ya hapo ni ya sentimita 4 au 6 badala ya 5, umekosea kwa asilimia 20. Andika "kati ya kilo 310 na 460." Mhandisi anayeona namba ya kilo kamili iliyotolewa kwenye picha ya simu anaacha kuziamini na zile nyingine.

Maneno yanayosemwa mtaani

"Wamwage murramu tu, itatosha." Murramu kwenye shimo la lami inasaidia magari yapite wiki mbili tatu. Haizuii maji, na maji ndiyo yaliyolichimba shimo. Kuna mitaa ambayo vijana hujaza murramu kwa hiari yao na kuomba chochote kwa madereva. Wanasaidia, lakini wakimwaga vifusi vya matofali na plastiki wanamwongezea fundi kazi ya kuvitoa.

"Shimo kubwa lizibwe kwanza." Si lazima. Lile la pili hapo juu, dogo na la kina cha sentimita 4, linahitaji kilo 70 za lami na hakuna kuchimba msingi. Likiachwa mvua moja likawa kama la kwanza, litahitaji lami zaidi ya mara mbili, pamoja na kokoto. Kwenye barua, sema ni lipi ambalo msingi wake bado mzima.

"Weka na bei, waone si pesa nyingi." Hapana. Bei ya lami inabadilika, manispaa ina taratibu zake za ununuzi, na namba yako ya bei itageuzwa ubishi. Halafu makadirio yako hayachukui nafasi ya vipimo vya mhandisi; atakuja na tepu yake. Kazi ya barua ni kumfanya aje akijua aje na nini.

Barua yenyewe

Ofisi nyingi huandikiana kwa Kiingereza, kwa hiyo si vibaya kutoa nakala mbili, moja kwa kila lugha. Vipimo havibadiliki. Mfano:

*Kwa Karani wa Mji, Manispaa ya (jina).*
*Nakala: Mhandisi wa Manispaa, Diwani wa Kata, Mwenyekiti wa LC1.*

*Mheshimiwa,*

*YAH: MASHIMO MATATU, BARABARA YA SOKONI, KATI YA NJIA PANDA YA STENDI NA DARAJA*

*Mimi ni mkazi wa seli hii. Naomba ofisi yako imtume mhandisi akague mashimo matatu niliyoyaeleza hapa chini. Vipimo nimevitoa kwenye picha zenye karatasi ya A4 kama kipimo, na kina nimekipima kwa rula na ubao tarehe iliyoandikwa kwenye kila picha, barabara ikiwa kavu.*

*Shimo 1, upande wa kushoto ukitoka stendi, mbele ya duka la mbegu: urefu sm 110, upana sm 70, kina sm 4, 7, 9, 8, 4. Lami ina unene wa sm 5, msingi umeguswa. Kiraka kinachokadiriwa: sm 130 kwa 90.*

*Shimo 2, katikati ya barabara, hatua 40 mbele: sm 60 kwa 50, kina kisichozidi sm 4. Msingi bado haujaguswa. Kiraka: sm 80 kwa 70.*

*Shimo 3, ukingo wa kulia kando ya mtaro: sm 240 kwa 40, kina sm 12. Mtaro umeziba kwa mita 15 hivi juu ya shimo, na maji ya mvua hupita juu ya lami. Kiraka: sm 260 kwa 50, pamoja na kuzibua mtaro na kurudisha bega.*

*Makadirio ya vifaa kwa yote matatu, yakiwa na kosa la takribani asilimia 20: lami kilo 310 hadi 460, kokoto za msingi mita za ujazo 0.4 kabla ya kushindiliwa. Shimo la kwanza limechukuliwa kuwa litachimbwa sm 15 na la tatu sm 20. Mhandisi akikuta msingi umelegea zaidi, kokoto zitaongezeka.*

*Nimeambatisha picha 12 na mahali pa kila shimo kwenye ramani.*

*Wako mtiifu,*
*(jina, simu, sahihi)*

Neno moja kuhusu ramani. Namba za mahali ziandikwe kwa desimali tano. Tano zinakufikisha ndani ya mita moja hivi. Nne zinakuacha ndani ya mita 11, na ndani ya mita 11 barabara mbovu inaweza kuwa na mashimo sita. Simu nyingi huhifadhi mahali ndani ya picha yenyewe, ila ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa hizo huondolewa, na picha hupunguzwa ubora hata utepe mweusi usionekane. Itume kama faili.

Peleka barua kwa mkono masijala, ukiwa na nakala ya pili wakugongee muhuri wa tarehe. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na mikutano ya bajeti ya serikali za mitaa hufanyika karibu Oktoba na Novemba. Mashimo matatu yanaweza kuingia kwenye matengenezo ya robo ya mwaka. Mtaro wa mita mia mbili unataka bajeti, kwa hiyo barua yake iwe imefika kabla ya mikutano hiyo. Jibu lisipokuja, ombi la kuona mpango kazi wa barabara za manispaa linaweza kuandikwa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005, inayoipa ofisi siku 21 za kujibu.

Wakija kuziba, barua yako ndiyo rula ya kuwapimia. Kiraka cha shimo la kwanza kikiwa na pembe nne na ukubwa karibu na 130 kwa 90, walikata. Kikiwa bado na umbo la yai la 110 kwa 70, walijaza tu, na lami hiyo itaanza kung'oka ukingoni, pale ambapo msingi uliolegea haukuondolewa. Kisha laza ule ubao wako juu ya kiraka. Kikiwa juu ya barabara kwa milimita tatu hadi tano ni sawa, tairi zitakishusha. Kikiwa chini hata kabla magari hayajapita wiki moja, hawakushindilia vya kutosha, na mvua ya kwanza itasimama hapo.